Bonasi ya hiari, bonasi ya mkataba na kamisheni ya mauzo: namna ya kupima dai lako Tanzania Bara

Mwongozo huu unamhusu mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara ambaye aliahidiwa bonasi au kamisheni, akafanya kazi kwa ahadi hiyo, kisha mwajiri akasema kwamba malipo yale yalikuwa hisani tu. Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, pamoja na Sheria ya Mikataba. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, kwa hiyo aliyeko Unguja au Pemba asitumie vifungu wala muda unaotajwa hapa.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Afisa mauzo wa kampuni ya pampu za maji jijini Dar es Salaam ana mkataba wa maandishi unaosema kwamba mshahara wake ni shilingi 600,000 kwa mwezi, "na motisha kadiri menejimenti itakavyoona inafaa". Mwezi Desemba meneja mauzo anaandika katika kundi la WhatsApp la idara: "Kuanzia Januari kila afisa mauzo atapata asilimia 3 ya mauzo yote yatakayozidi milioni 30 kwa mwezi. Kamisheni italipwa pamoja na mshahara wa mwezi unaofuata." Januari anauza milioni 42 na analipwa 360,000, na Februari anauza milioni 38 na analipwa 240,000. Machi anauza milioni 71, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Tarehe 4 Aprili mwajiri anatoa tangazo kwamba kamisheni imeshuka hadi asilimia 1 "kuanzia tarehe 1 Machi", na afisa huyo, aliyekwisha kutoa notisi, anaacha kazi tarehe 30 Aprili bila kulipwa kamisheni yoyote ya Machi.

Hatua ya kwanza: tambua ahadi iko katika kundi gani

Usianze na jina la malipo. Waajiri wengi huita "bonasi" kitu ambacho kwa asili yake ni kamisheni, na wengine huita "motisha" kila kitu wakiamini kwamba neno hilo peke yake linawaepusha na deni. Kinachopimwa ni kama, baada ya kazi kufanyika, kiasi cha malipo kinaweza kupatikana kwa hesabu bila mtu yeyote kuamua lolote jipya.

Bonasi ya hiari ni ile ambayo mwajiri amejibakizia uamuzi wa kutoa au kutotoa, na wa kiasi gani kitolewe. Mfano wake wa kawaida ni bahasha ya mwisho wa mwaka ambayo mwaka mmoja ni laki mbili, mwaka mwingine ni laki moja, na mwaka mbaya haipo kabisa. Bonasi ya mkataba ni ile yenye masharti na kanuni inayojulikana kabla ya kazi, kwa mfano mshahara wa mwezi mmoja kwa kila atakayemaliza mwaka bila onyo la maandishi. Aliyetimiza masharti hayo haombi tena, bali anadai.

Kamisheni kwa kawaida huangukia kundi la pili, kwa kuwa asilimia, kiwango cha kuanzia na kipindi cha hesabu hutajwa mapema. Katika mfano wetu, kifungu cha motisha kilichomo katika mkataba kikisomwa peke yake ni cha hiari. Lakini ujumbe wa Desemba ulitumia hiari hiyo na kuimaliza, kwa sababu menejimenti ilikwisha kuona inafaa, ikataja asilimia, ikataja kiwango, ikataja na siku ya kulipa. Toka hapo hakuna kilichobaki cha kuamuliwa isipokuwa kuzidisha na kutoa.

Mwajiri hujibu mara nyingi kwamba ujumbe wa simu si mkataba. Jibu hilo ni dhaifu kuliko linavyosikika. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba kwa sheria zetu, sembuse maandishi. Zaidi ya hapo, kifungu cha 15 cha Sheria ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi yanayojumuisha ujira, njia ya kuukokotoa na stahiki nyingine. Ikiwa katika shauri mwajiri atashindwa kutoa mkataba au maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wake. Kwa hiyo mwajiri aliyeacha utaratibu wa kamisheni uishie kwenye simu hajajikinga, amejibebesha kazi ya kuthibitisha kwamba ahadi haikuwa kama mfanyakazi anavyosema.

Swali la kuuliza hapa ni kama aliyeahidi alikuwa na mamlaka. Meneja mauzo anayetangaza utaratibu wa idara yake, na idara ya fedha ikalipa kwa utaratibu huo miezi miwili mfululizo, ni vigumu kampuni imkane baadaye. Ahadi ya msimamizi wa zamu ambayo haijawahi kulipwa hata mara moja ni jambo jingine, na dai lake ni la kubahatisha.

Hatua ya pili: kama ni ya hiari kweli, pima hiari ilivyotumika

Wengi huishia kwenye neno "hiari" na kukata tamaa. Hilo si sahihi kabisa, ingawa sitaki kumpa mtu matumaini ya bure. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua shauri la Clark dhidi ya Nomura International. Clark alikuwa mfanyabiashara wa hisa mjini London, na mkataba wake ulisema wazi kwamba bonasi ni ya hiari, haina uhakika na inategemea utendaji wa mtu binafsi. Alikuwa ameingizia kampuni faida ya zaidi ya pauni milioni 22, kisha akaachishwa kazi na kupewa bonasi ya sifuri. Mahakama ilisema kwamba hiari haimruhusu mwajiri kuamua jambo ambalo hakuna mwajiri mwenye busara angeliamua. Kwa kuwa kigezo kilichoandikwa kilikuwa utendaji, sifuri haikuwa na maelezo, na Clark alipewa pauni milioni 1.35.

Uamuzi huo haufungi mahakama zetu. Tanzania Bara ilipokea sheria ya Kiingereza isiyoandikwa kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na maamuzi ya baada ya hapo ni ya kushawishi tu. Hata hivyo hoja yake inabebeka: kama mwajiri ameandika kigezo, anapaswa kukitumia kigezo hicho. Kwa hiyo mwenye bonasi ya hiari aangalie kama kuna kigezo kilichotajwa, kama wenzake wenye utendaji kama wake walilipwa, na kama sababu ya kumnyima haina uhusiano na kigezo, kwa mfano kwamba alikuwa ametoa notisi. Kama hakuna kigezo kilichoandikwa popote na malipo yamekuwa yakipanda na kushuka kiholela, mimi humshauri mtu asipoteze muda wake hapo.

Kuna pia bonasi iliyoanza kama hiari ikageuka kuwa desturi. Kinachoigeuza ni kulipwa mfululizo, kwa kanuni ileile, kwa wote wanaohusika, bila mwajiri kusema kila mara kwamba safari hii ni hisani. Barua ya kila Desemba yenye sentensi "malipo haya hayaweki desturi" huvunja hoja hiyo karibu yote, basi itafute kabla upande wa pili haujaitoa.

Hatua ya tatu: tafuta tukio linaloizaa kamisheni

Hapa ndipo madai mengi hushindwa, na mara nyingi si kwa sababu ahadi haikuwepo, ila mdai hakujua haki yake ilizaliwa siku gani. Uuzaji mmoja una matukio kadhaa: mteja anasaini oda, ankara inatolewa, mzigo unafikishwa, mteja analipa. Kamisheni inakuwa haki pale tukio lililokubaliwa linapotokea. Kabla ya hapo muuzaji ana matarajio tu, hata kama amemfuatilia mteja miezi sita.

Turudi kwa afisa wetu. Katika milioni 71 za Machi, milioni 46 ni za wateja waliochukua mzigo na kulipa mwezi huohuo. Milioni 25 ni oda ya shule moja, iliyosainiwa tarehe 28 Machi kwa malipo ya awali ya milioni 12, mzigo ukafika tarehe 9 Aprili, na milioni 13 zilizobaki zikalipwa katikati ya Mei, afisa akiwa ameshaondoka. Ujumbe wa Desemba ulisema "mauzo" bila kufafanua.

Kama tukio ni kusaini oda, mauzo ya Machi ni milioni 71, ziada ni milioni 41, na asilimia 3 yake ni 1,230,000. Kama tukio ni fedha kuingia, mauzo ni milioni 58, ziada ni milioni 28, na kamisheni ni 840,000. Kama tukio ni mzigo kufika, ziada ya Machi ni milioni 16 na kamisheni ni 480,000, huku oda ya shule ikihamia Aprili. Mtu mmoja, kazi ileile, lakini tofauti kati ya jibu la juu na la chini kwa mwezi huo ni 750,000.

Mkataba ukiwa kimya, jibu hutafutwa katika jinsi pande mbili zilivyoishi nao. Afisa huyu anafungua hesabu za Januari na kukuta oda ya milioni 9 iliyosainiwa tarehe 29 Januari na kufikishwa tarehe 6 Februari, ambayo kampuni yenyewe iliihesabu Januari. Oda hiyo moja ina uzito kuliko hotuba ndefu, kwa sababu inaonyesha kwamba kabla ya ugomvi mwajiri mwenyewe alilisoma neno "mauzo" kama oda iliyosainiwa. Njia hiyohiyo ndiyo inayomaliza ubishi mwingine wa kila siku, yaani kama mauzo yanahesabiwa kabla au baada ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Angalia malipo yaliyopita yalitumia tarakimu ipi ya ankara.

Mwajiri hana ruhusa ya kuzuia mwenyewe tukio lisitokee ili akwepe kulipa, kwa mfano kuchelewesha makusudi ankara hadi muuzaji aondoke. Lakini mteja akighairi kwa sababu zake, na tukio lililokubaliwa lilikuwa malipo ya mteja, hakuna kamisheni, na hasara hiyo inabebwa na pande zote mbili.

Hatua ya nne: chunguza mabadiliko, sharti la kuwepo kazini na makato

Tangazo la tarehe 4 Aprili lilijaribu kurudi nyuma hadi tarehe 1 Machi. Kwa mauzo ambayo tukio lake lilikwisha kutokea, deni lilikwisha kuzaliwa kwa asilimia 3, na tangazo la upande mmoja haliwezi kulipunguza. Kwa mauzo ya baadaye hali ni tofauti kidogo. Kifungu cha 15 kinataka masharti yanapobadilika mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe maelezo ya maandishi na kumtaarifu kwa maandishi. Mfanyakazi asiyekubali aandike pingamizi lake mapema, hata kwa sentensi mbili, maana anayeendelea kupokea kiwango kipya miezi mingi bila kusema neno atachukuliwa kuwa amekiridhia.

Mikataba mingine husema kwamba bonasi italipwa tu kwa aliye kazini siku ya malipo. Kwa bonasi, sharti hilo likiwa wazi hufanya kazi, na ni gumu kulipinga. Kwa kamisheni iliyokwisha kuzaliwa lazima lisomwe kwa uangalifu zaidi, kwani kifungu cha 44 cha Sheria kinamtaka mwajiri, ajira inapokoma, alipe ujira wa kazi iliyofanyika kabla ya kukoma, na Sheria inauelezea ujira kuwa ni jumla ya malipo yote yanayotokana na ajira, ya fedha au ya vitu. Katika mfano wetu sharti la namna hiyo halipo, kwa hiyo kuondoka tarehe 30 Aprili hakufuti kitu, wala kamisheni ya Aprili iliyopaswa kulipwa mwisho wa Mei.

Waajiri wengine hukubali deni kisha hulimaliza kwa makato: mteja hajalipa, pampu imerudi, simu ya kampuni imepotea. Kifungu cha 28 hakiruhusu makato ya hasara kiholela. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu yake, apewe nafasi ya kuipinga, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Mteja kushindwa kulipa si kosa la muuzaji, isipokuwa kama alikiuka utaratibu wa mikopo wa kampuni.

Hatua ya tano: kusanya ushahidi ukiwa bado ndani

Siku ukifungiwa barua pepe ya kampuni, nusu ya shauri inakuwa mikononi mwa mwajiri. Vinavyohitajika si vingi: mkataba, tangazo la utaratibu wa kamisheni, hati za mshahara zinazoonyesha kamisheni ikiwa mstari unaojitegemea, na orodha ya oda zako yenye tarehe, namba ya ankara na kiasi. Hati za mshahara zina thamani ya pekee, kwa sababu kamisheni iliyokatwa kodi ya mapato pamoja na mshahara ni vigumu kuitwa zawadi baadaye. Ujumbe wa WhatsApp uhifadhi katika simu yenyewe, namba ya aliyetuma ikionekana, usitegemee picha ya skrini peke yake. Lakini usichukue orodha nzima ya wateja au bei za siri za kampuni, maana utampa mwajiri hoja ya nidhamu ambayo hakuwa nayo.

Hatua ya sita: andika dai, kisha hesabu siku 60

Barua ya madai iwe fupi. Ya afisa wetu ingetosha hivi: "Kwa mujibu wa utaratibu uliotangazwa Desemba na kutumika Januari na Februari, nadai kamisheni ya mauzo ya Machi, shilingi 1,230,000, iliyopaswa kulipwa tarehe 30 Aprili. Hesabu na namba za ankara zimeambatishwa. Naomba malipo au sababu za maandishi ndani ya siku 7." Kiasi, chanzo na tarehe vikiwa wazi, mwajiri analazimika kujibu jambo mahususi, na jibu lake mara nyingi ndilo linaloonyesha anachobishia hasa ni ahadi, tukio au asilimia.

Shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, kwa fomu CMA F.1. Mgogoro wa kuachishwa kazi una siku 30, na migogoro mingine, pamoja na hii ya malipo, ina siku 60 tangu ulipotokea. Kwa kamisheni iliyopaswa kulipwa tarehe 30 Aprili, siku ya 60 ni tarehe 29 Juni. Maneno "subiri mwezi ujao tutakulipa" hayasimamishi saa hiyo, na hapa ndipo watu wapole hupoteza haki yao: wanasubiri Mei, wanasubiri Juni, Julai wanakwenda Tume na kuambiwa wamechelewa. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda kwa fomu CMA F.2, lakini lazima aeleze sababu ya ucheleweshaji wote, na ahadi za mdomo za mwajiri peke yake ni sababu nyembamba.

Mwajiri anaweza kusema kwamba hukuwa mfanyakazi bali wakala. Kama ulilipwa kamisheni tupu bila mshahara, jiandae kwa hoja hiyo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinakuchukulia kuwa mfanyakazi ikiwa, pamoja na vigezo vingine, kazi yako ilisimamiwa na kuelekezwa na mwajiri, ulifanya wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au ulimtegemea yeye kiuchumi. Kigezo kimoja kikitimia kinatosha kumhamishia mwajiri kazi ya kuthibitisha vinginevyo. Wakala wa kweli hapiti CMA, anadai mkataba wake katika mahakama ya kawaida, ambako muda wa madai ya mkataba ni miaka sita.

Katika CMA F.1 nakala humfikia mwajiri kwanza, kisha fomu hupelekwa Tume ikiwa na uthibitisho kwamba ameipokea. Sehemu B ni ya migogoro ya kuachishwa kazi pekee, na afisa aliyejiuzulu anayedai kamisheni asiijaze. Kila kiasi unachodai kiandikwe humo, kwa kuwa Tume na mahakama humfunga mdai kwa alichokiandika katika fomu, na kamisheni ya Aprili iliyosahauliwa kwenye fomu haiwezi kuingizwa kwa maneno siku ya ushahidi.

Usuluhishi hupewa siku 30 kabla ya shauri kwenda kwenye uamuzi. Ukiingia katika chumba hicho, kuwa na zile hesabu tatu mkononi: 1,230,000, 840,000 na 480,000. Mwajiri atakayekubali ahadi na kubishia tukio atakuwa anaelekea 840,000, na atakayeng'ang'ania asilimia 1 ya tangazo lake atafika 410,000 tu, ambayo iko chini hata ya hesabu yako ya chini kabisa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuipokea. Mkikubaliana, hati ya makubaliano itaje tarehe ya malipo na iseme kama kiasi kilichoandikwa ni kabla au baada ya kukatwa kodi ya mapato.